Mwalimu ana asilimia 100 kwenye PEPMIS, darasa lake halisomi. Nimpe alama ngapi?

Mbuyu Mmoja
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku vijijini, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Mwaka wa tathmini unafungwa Juni 30 na nina walimu 11 wa kuwapitisha kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Tisa hawana shida. Wawili wameninyima usingizi.

Wote wawili wanafundisha darasa la pili, mmoja mkondo A, mwingine mkondo B. Mwalimu wa A ni mtu wa karatasi. Andalio la somo lipo kila siku, azimio la kazi limekamilika, shajara imesainiwa. Malengo aliyoandika kwenye mfumo ni kuandaa maandalio 240, kutoa majaribio 8 na kuhudhuria vikao 12 vya jumuiya ya ujifunzaji. Yote ametimiza na ushahidi upo. Asilimia 100.

Mwalimu wa B ni dada mmoja ambaye andalio lake ukilikuta Jumatatu, Jumatano halipo. Ila kwenye malengo aliandika kitu ambacho sijawahi kuona mwalimu mwingine akiandika: "Kuwezesha wanafunzi 60 kati ya 81 kusoma aya fupi kwa ufasaha."

Mwishoni mwa Mei, kabla ya kufunga shule, nikaingia madarasani mwenyewe na kuwasomesha aya moja ya sentensi nne. Mkondo A wenye watoto 78, waliosoma vizuri ni 14. Mkondo B ni 43. Kwa hiyo yule dada amefikia 43 kati ya 60, yaani asilimia 72 ya lengo lake.

Nikifuata mfumo ulivyo, wa A anapata mia na wa B anapata sabini na mbili. Nikiidhinisha hivyo nitamtazama vipi yule dada Julai? Na mwakani ataandika lengo la namna ile tena, au naye atahesabu maandalio kama wenzake? Naombeni mawazo, hasa waliowahi kukalia kiti hiki.

Nzuguni Yetu
Mkuu, jibu umeshalitoa mwenyewe. Huyo dada mwakani atahesabu maandalio. Mtu akiungua mara moja hashiki tena chungu kwa mkono mtupu.

Na hayo maandalio 240 tusidanganyane. Sisi sote tunajua sehemu ya tathmini inavyojazwa. "Zaidi ya asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo." Kwenye maoni: "Wachache ambao hawakuelewa watarudiwa." Inaandikwa Jumapili jioni, somo lenyewe ni Alhamisi. Mimi niliwahi kuugua Alhamisi, sikufika shule kabisa, na andalio langu linasema asilimia 85 walielewa. Likapigwa muhuri.

Mama Shani
Samahani jamani, mimi PEPMIS yangu bado inasoma msimamizi wa kituo cha zamani. Nimehama tangu Februari, kila nikituma kazi inaenda kwa mkuu wangu wa kule na yeye hapokei simu. Nifanyeje? Naambiwa bila hiyo daraja halipandi.

Mbuyu Mmoja
Mama Shani, hiyo nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri uliyohamia, ndiye anayekuhamisha kwenye mfumo. Beba barua ya uhamisho na cheki namba. Ila mada ya hapa ni nyingine kidogo dada.

Fundi Biashara
Mimi si mwalimu, ni mzazi na mfanyabiashara wa Majengo sokoni. Nashangaa mnavyozunguka. Mpeni mwalimu alama kwa matokeo ya mtihani, basi. Mimi muuzaji wangu wa duka simpimi kwa alivyoandika daftari, nampima kwa mauzo. Mkondo A 14, mkondo B 43, hapo kuna swali gani? Wa B apewe zawadi, wa A aandikiwe barua.

Mstaafu wa Kikuyu
Mwalimu mkuu, nimesoma uzi wako mara mbili. Nilikuwa mkaguzi wa shule tangu jina likiwa ukaguzi, mpaka likawa uthibiti ubora, kisha nikastaafu. Kabla sijasema lolote nina maswali matatu.

La kwanza, watoto waligawanywaje mikondo miwili? La pili, hiyo aya uliyowapa uliitoa wapi? La tatu ndilo linaloniumiza kichwa: mwaka wa tathmini unaanza Julai, mwaka wa shule unaanza Januari. Julai iliyopita hao watoto walikuwa darasa la kwanza. Sasa huyo mwalimu wa B alipoandika "60 kati ya 81" alikuwa anawataja watoto gani?

Namjibu na Fundi Biashara hapo hapo. Ndugu yangu, muuzaji wako unamkabidhi bidhaa zilizohesabiwa. Ukimpa mmoja duka limejaa na mwingine rafu tupu, mwisho wa mwezi huwezi kulinganisha mauzo yao. Hoja yako ina ukweli ndani yake, kwamba kinachotakiwa kuangaliwa ni mtoto na si daftari. Umesahau tu kuuliza mtoto alianzia wapi.

Mbuyu Mmoja
Shikamoo mzee. Umenishika pabaya.

La tatu ndilo jepesi. Julai aliandika lengo la watoto aliokuwa nao wakati huo. Kwenye mapitio ya nusu mwaka akabadilisha, maana wale walishapanda darasa la tatu. Kwa hiyo hilo la "60 kati ya 81" lina umri wa miezi mitano tu.

La kwanza linanitia aibu kidogo. Mikondo iligawanywa na mwalimu aliyekuwapo kabla yangu. Waliosoma darasa la awali hapa shuleni wengi wako B. A wako watoto wa kitongoji cha ng'ambo ya korongo, ambako mtoto anakuja shule ana miaka minane, Kigogo ndiyo lugha yake yote, na Februari wakati wa palizi humwoni. Sikulifikiria hilo nilipoandika uzi.

La pili, aya niliitoa kwenye kitabu cha kiada.

Mstaafu wa Kikuyu
Marahaba. Basi rudia kupima shule ikifunguliwa Julai, kwa sababu hapo umepima vitu viwili kwa pamoja, kusoma na kukariri.

Aya ya kitabuni darasa limeshaiimba. Mwalimu anasoma, watoto mia kasoro wanaitikia, wiki mbili hivyo. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukupa ukurasa mzima bila kutambua neno hata moja. Nilivyokuwa nikiwabaini ni hivi: mtoto akimaliza kusoma vizuri, naweka kidole kwenye neno la katikati ya mstari wa tatu na kumwuliza, "Hili ni neno gani?" Anayesoma anajibu. Aliyekariri anarudi mwanzo wa ukurasa, anaanza kuimba kimoyomoyo mpaka afike hapo. Midomo inamsaliti.

Kwa hiyo andika aya yako mwenyewe. Maneno ya kawaida, sentensi nne, mbuzi amekula mtama wa bibi, mambo ya namna hiyo. Mwite mtoto mmoja mmoja nje ya darasa, mbali na wenzake wanaosubiri, la sivyo wa kumi atakuwa ameshaisikia mara tisa. Anza na aya. Akishindwa mpe maneno matano. Akishindwa mpe silabi. Akishindwa na silabi, muulize herufi. Dakika mbili zinatosha kwa mtoto. Watoto 78 ni kama saa mbili na nusu, gawanya kwa asubuhi nne. Ukimaliza hutakuwa na "wanajua" na "hawajui", utakuwa na makundi manne ya watoto, kila kundi na majina yake.

Mwl. Umeme na Sumaku
Nachangia kama mwalimu wa fizikia, sekondari, wilaya ya Kongwa. Niko peke yangu kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Malengo yangu ya kwenye mfumo nilinakili kwa mwalimu wa baiolojia, nikabadilisha jina la somo. Na yeye alinakili kwa mtu mwingine, maana nilikuta neno "kilimo" katikati.

Ila niseme kitu ambacho hakitawafurahisha. Mwaka jana nilifanya mazoezi ya vitendo Jumamosi 14 na kidato cha nne, kwa vifaa vya kuokoteza. Nilikuwa najaza kila wiki kwenye simu. Mkuu wangu wa shule na mimi hatupatani, hilo kila mtu pale analijua. Wakati wa tathmini alitaka kuniandika kwamba sishiriki shughuli za ziada. Zile Jumamosi 14 zilikuwa zimeshaidhinishwa na yeye mwenyewe, wiki baada ya wiki. Akanyamaza. Kwa hiyo mimi siutukani mfumo. Haujabadilisha ninavyofundisha, ila umenilinda.

Mstaafu wa Kikuyu
Hilo la kulindwa vijana hamlioni uzito wake kwa sababu hamkuikuta enzi ya fomu za siri. Mkubwa wako alikuwa anajaza ripoti yako, anaifunga, inakwenda, na wewe hujui kilichoandikwa mpaka unastaafu. Mfumo wa tathmini ya wazi, OPRAS, ulipoingia mwaka 2004 neno kubwa lilikuwa "wazi". Mnakaa mezani, mnakubaliana malengo Julai, mnapitia Desemba, mnafunga Juni, unasaini na wewe. PEPMIS imekuja kuchukua nafasi yake kwa kompyuta. Uwazi wa haki za mtumishi ulipatikana kwa kiasi. Lakini fomu ilitengenezwa kwa mtumishi wa aina yoyote, awe karani, awe mpima ardhi, awe mwalimu. Haina mahali panapouliza mtoto wa dawati la nyuma alifanya nini leo. Mwalimu akiambiwa aandike lengo linalohesabika, atahesabu kilicho mikononi mwake, na maandalio yako mikononi mwake. Kusoma kwa mtoto wa ng'ambo ya korongo hakuko mikononi mwake peke yake. Sioni ajabu kwamba walimu wote isipokuwa dada mmoja waliandika maandalio.

Binti wa Kondoa
Kuhusu hoja ya Fundi Biashara, iliwahi kujaribiwa hapa nchini na Kondoa tulikuwemo. Ilikuwa KiuFunza, mwaka 2013 na 2014, shule 350 katika wilaya 10. Shule ziligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa fedha za ruzuku ya shule tu. La pili walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo, na mwalimu mkuu 1,000. La tatu likapewa vyote viwili. Zilizobaki hazikupewa kitu, ziwe za kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Ahadi ya fedha peke yake ilileta matokeo ya kuyumbayumba, inategemea ni jaribio lipi unaloliangalia. Waliopewa vyote viwili ndio watoto wao waliopanda waziwazi. Mimi ninavyoelewa, vitabu bila sababu ya kuvitumia vinakaa kabatini, na sababu bila vitabu inamchosha tu mwalimu.

Na angalieni walichopima. Aliyekuja kumsomesha mtoto mwisho wa mwaka hakuwa mwalimu wala bosi wake. Hakuna aliyeuliza andalio.

Fundi Biashara
Si ndicho nilichosema? Lipeni kwa matokeo.

Binti wa Kondoa
Nusu yake kaka. Ukilipa kwa anayevuka mstari, mwalimu mwenye akili atashughulika na watoto waliokaribia mstari. Aliye mbali kabisa hana faida kwake. Kwenye mkondo A wa mwenye uzi, hao ndio wengi. Halafu hapa hatuzungumzii fedha ya ziada, tunazungumzia kupanda daraja, kitu ambacho mtu anakisubiri miaka. Ukifunga kitu kizito hivyo kwenye namba moja inayojazwa na mwalimu mwenyewe, namba itakuwa nzuri daima.

Nzuguni Yetu
Mzee Mstaafu, nauliza kwa heshima. Umetufundisha kupima watoto. Sasa mwalimu wa A anabadilikaje? Akishaambiwa 14 kati ya 78, kesho asubuhi anaingia darasani kufanya nini tofauti?

Mstaafu wa Kikuyu
Swali zuri, na hapo ndipo tathmini zote nilizozijua zilipoishia njiani, na zangu za ukaguzi zikiwemo. Tuliingia darasani na fomu ndefu, tukatoka na maneno "mwalimu aboreshe ushirikishwaji wa wanafunzi". Mwalimu anasaini na maisha yanaendelea.

Miaka yangu ya mwisho nilibadilisha. Nilikuwa nakaa nyuma na karatasi tupu, nachora madawati. Kila mtoto anayesoma peke yake au kujibu peke yake, naweka nukta kwenye kiti chake. Wakiitikia kwa pamoja, naweka mstari pembeni. Kipindi cha darasa la pili ni dakika 30. Kikiisha nampa mwalimu karatasi bila neno. Mara nyingi nukta zote ziko madawati mawili ya mbele na kwenye kingo za njia anayopita. Nyuma kweupe. Hakuna mwalimu niliyemwonyesha hiyo akabisha, kwa sababu sijamhukumu, nimemchorea darasa lake. Halafu tunakubaliana kitu kimoja tu cha kujaribu. Kimoja. Narudi baada ya wiki mbili na karatasi nyingine, tunaziweka sambamba.

Ila karatasi ile sikuwahi kuiweka kwenye faili. Siku nitakapoiweka kwenye faili, atanipangia watoto wa kusoma kabla sijafika.

Nzuguni Yetu
Sawa mzee, lakini wewe ulikuwa unakuja na kuondoka. Huyu mwalimu mkuu ndiye anayechora nukta asubuhi na ndiye anayeweka alama jioni. Mwalimu wa A atamwamini vipi?

Mstaafu wa Kikuyu
Hapo sina jibu safi. Nimeona shule ambako mwalimu wa taaluma au mwenzake wa mkondo wa pili ndiye aliyechora, kupitia hivyo hivyo vikao vyenu vya mafunzo ya walimu kazini, MEWAKA, na mkuu hakuonyeshwa. Ilifanya kazi pale walipopendana. Walipogombana kuhusu zamu ya chai, iliisha.

Mwl. Umeme na Sumaku
Hahaha, zamu ya chai imeua mengi.

Mbuyu Mmoja
Wakuu, nimerudi na mrejesho. Ni mwishoni mwa Julai sasa, naandika chini ya mbuyu karibu na ofisi ya kijiji, mtandao unashika hapa tu.

Nimewapima upya wote kwa aya niliyotunga mwenyewe. Mkondo A: wanaosoma aya ni 12, wanaoishia kwenye maneno 15, wanaoishia kwenye silabi 27, na 24 hata silabi hawajafika. Mkondo B: aya 37, maneno 24, silabi 14, na 6 hawajafika. Kwa hiyo hata yule dada sita kati ya 43 wake walikuwa waimbaji. Alinuna siku nzima. Kesho yake akaniomba majina.

Katika wale 24 wa A, 19 wanatoka ng'ambo ya korongo na hawakupita awali. Siwezi kusema mwalimu wa A hajui kazi, na siwezi kusema anaijua. Januari hakuna aliyepima, kwa hiyo sina pa kumlinganisha.

Alama nilishatoa Juni kabla mfumo haujafungwa, na msinicheke. Wa A nilimpa alichotimiza, maana malengo yale mimi ndiye niliyeyaidhinisha Julai, siwezi kumgeuka mwishoni. Wa B nilimpa kilichopatikana kwenye hesabu yake. Nikamwita ofisini, nikamweleza kwa mdomo. Alisikiliza, akasema, "Sawa mwalimu mkuu, ila daraja halisomi maneno ya mdomo." Sikuwa na la kujibu.

Kwa mwaka huu nimekaa nao wote wawili kabla hawajajaza. Maandalio tumeyaacha kama jukumu la kawaida, yasiwe lengo. Lengo la A linasomeka hivi: kati ya watoto 24 wasiofikia silabi, 15 wasome silabi ifikapo mwisho wa Novemba; kati ya 27 wa silabi, 15 wasome maneno. La B lina namba zake. Tumeweka Novemba kwa sababu Januari watoto si wao tena, na mapitio ya nusu mwaka tutaandika ya darasa jipya. Afisa elimu kata ameuliza kwa nini malengo yetu hayafanani na ya shule nyingine za kata. Nimemwambia aje tuongee.

Ile ya nukta nimeifanya mara moja kwa A. Dakika 30, kuitikia kwa pamoja mara 11, waliosoma peke yao watoto 6, wanne wakiwa dawati la mbele. Aliitazama karatasi muda mrefu. Akauliza, "Hii inaenda kwenye mfumo?" Nikasema hapana. Akaikunja akaitia mfukoni.

Nzuguni Yetu
Sita kati ya 78. Mimi jana nilijichorea mwenyewe baada ya kipindi, kwa kukumbuka. Sisemi namba.

Mama Shani
Kaka Mbuyu, asante, afisa utumishi amenibadilishia msimamizi. Ila sasa kazi zote nilizotuma tangu Februari zinaonekana hazijaidhinishwa. Nianze upya?